Mitego kumi ya gundi: mende wamelala wapi, na dawa iende wapi

*Habari za kazi, mtaalamu. Nina mgahawa mdogo Morogoro. Fundi anapiga dawa kila mwisho wa mwezi, mende wanapungua siku mbili tatu kisha wanarudi vilevile. Nimeshauriwa nitege kwanza karatasi za gundi nijue wako wangapi. Nimetega kumi kwa siku tatu, nyingine imejaa, nyingine haina kitu. Hesabu na picha nimekutumia. Sasa nazisomaje, na dawa iwekwe wapi?*

Nzuri, dada. Kwa hesabu uliyotuma, dawa iende sehemu tatu: nyuma ya friji, kwenye jiko la gesi, na chini ya kaunta ya juisi. Sinki limekamata mende wengi, ila sidhani kama wanalala pale. Ukumbi wa wateja usipigwe dawa kabisa kwa sasa. Stoo bado hatuijui, na wale wa chooni ni mende wengine wenye dawa yao nyingine. Nakueleza nimefikaje hapo ili duru ijayo usome mwenyewe.

Nimezipanga namba zako upya, kila mtego na jumla yake ya siku tatu:

1. Nyuma ya friji, karibu na mota: 54
2. Chini ya sinki: 21
3. Chini ya jiko la gesi: 30
4. Rafu ya sahani: 3
5. Stoo, kando ya viroba vya unga: 0
6. Chini ya kaunta ya juisi: 12
7. Ukumbini, kushoto: 0
8. Ukumbini, kulia: 1
9. Chooni: 2
10. Mlango wa nyuma, karibu na karo la maji machafu: 4

Kabla ya kujumlisha chochote, tenganisha aina. Kwenye picha zako, mitego nane ya kwanza ina mende wadogo wa rangi ya kahawia iliyopauka, urefu kama sentimita moja na nusu hivi, wenye mistari miwili myeusi iliyolala sambamba nyuma ya kichwa. Huyu ndiye mende wa Kijerumani, na ndiye anayesumbua majiko ya migahawa karibu kila mahali. Anaishi ndani ya jengo, anazaliana ndani ya jengo, na hana haja ya kutoka nje. Namba 9 na 10 ni wale wakubwa wekundu-kahawia wa sentimita tatu na nusu au nne, wanaotoka kwenye mifereji na mashimo ya maji machafu. Ukiwaweka wote kwenye jumla moja, namba itakayotoka haikuambii kitu.

Tubaki na wale wadogo. Mitego nane, siku tatu, jumla 121. Gawanya kwa mitego nane, kisha kwa siku tatu, unapata mende watano kwa mtego kwa usiku mmoja. Hicho ndicho kipimo chako cha mwanzo. Kiandike, kwa sababu bila hicho hutajua wiki mbili zijazo kama dawa imefanya kazi au umezoea tu kuwaona. Lakini usidhani ni idadi ya mende wako. Mtego unakamata wale waliotoka kutafuta chakula na wakapita palepale. Waliobaki ndani ya nyufa ni wengi zaidi, na hasa majike yenye mayai. Jike la mende huyu hubeba kifuko chake cha mayai nyuma ya tumbo mpaka yakaribie kuanguliwa, na katika siku hizo hula kidogo na hutoka mara chache. Ndiyo maana mtu anaweza kutega gundi mwaka mzima, akakamata mende kila siku, na asiwamalize. Gundi inapima tu. Kuua ni kazi ya dawa.

Thamani ya kipimo iko kwenye kulinganisha. Namba 1, 2 na 3 peke yake zina 105 kati ya 121. Ukiongeza namba 6 unafika 117. Yaani mende wanne tu ndio waliopatikana kwenye mitego mingine minne. Fundi wako amekuwa akipiga dawa sehemu zote sawasawa, ukumbi mzima kwenye ukingo wa kuta, wakati ukumbini hakuna mende wa kumuua. Nusu ya dawa uliyolipia imekwenda mahali wateja wanapokaa na kula.

Hapa ndipo watu wengi wanapoishia: wanatazama mtego uliojaa, wanapeleka dawa huko. Ni bora kuliko kupiga kila mahali, lakini kuna jambo moja la kuangalia zaidi, nalo ni umri wa waliokamatwa. Chukua tochi na uitazame namba 1 kwa karibu. Utaona wakubwa wenye mabawa, wa kati wasio na mabawa, na vitoto vya milimita tatu, kama punje ya ufuta, vyeusi-kahawia na doa lililopauka mgongoni. Vitoto hivi haviendi mbali. Kitoto kilichoanguliwa juzi hukaa karibu na ufa alimozaliwa, kwa sababu hapo kuna kinyesi cha wakubwa chenye harufu inayowakusanya na pia chakula cha kuanzia. Mkubwa anaweza kuvuka jiko lako zima kwa usiku mmoja akitafuta maji. Kwa hiyo mtego wenye vitoto vingi upo karibu na maficho, na mtego wenye wakubwa watupu upo njiani.

Sasa soma tena zako. Namba 1, kwenye picha, zaidi ya nusu ni vitoto. Maficho yako pale pale, ndani ya sehemu ya mota au kwenye kona ya nyuma ya friji ambako kuna joto. Namba 3 mchanganyiko, wakubwa na vitoto karibu sawa: maficho yapo jirani, pengine chini ya bati la jiko au mahali meza inapokutana na ukuta. Namba 6 ina 12 tu, lakini nimehesabu vitoto tisa. Hiyo ndiyo namba ya kukushtua. Ukifuata wingi peke yake, kaunta inakuja ya nne na huenda usiiguse. Ukifuata umri, kaunta ni maficho ya pili yaliyojitegemea, na kama ukiyaacha, yatarudisha mende jikoni baada ya jiko kuwa safi. Angalia kitako cha blenda, ndani ya friji ya soda chini, na nyuma ya ubao wa mbele wa kaunta.

Namba 2 ni kinyume chake. 21 ni wengi, ila kwenye picha naona wakubwa na wa kati tu, kitoto labda kimoja. Wale wamekuja kunywa. Mende huyu anaweza kukaa muda mrefu bila chakula kuliko bila maji, na chini ya sinki lako kuna bomba linalodondosha. Ukijaza dawa chini ya sinki utaua wapita njia. Rekebisha bomba, weka matone machache ya chambo, halafu tafuta wanapotoka. Njia ya kutafuta ni rahisi: usiku mmoja, tega mitego mitatu au minne kuzunguka sinki, mmoja kila upande, umbali wa hatua moja hivi. Asubuhi tazama upi umekamata vitoto. Tazama pia ukingo gani wa karatasi una mende wengi zaidi, maana mende hunasa karibu na upande alioingilia. Dalili hizi mbili zikikubaliana, unajua ufungue kabati la upande gani.

Kuna jambo la kukudanganya kwenye kuhesabu vitoto, na halitaonekana kama hujaambiwa. Jike likinaswa, mara nyingi huangusha kifuko cha mayai palepale kwenye gundi, na mayai yakiwa yameiva huanguliwa juu ya karatasi. Utakuta kundi la vitoto thelathini au arobaini vyote vya ukubwa mmoja, vimebanana kuzunguka kifuko kilichopasuka, na jike limekufa pembeni. Hao hawakutembea kuja. Wahesabu kama jike moja, andika "kifuko" pembeni, na usiwaweke kwenye vitoto. Nimeangalia picha yako ya namba 1 kwa ajili hiyo: vitoto vyake vimetawanyika na ni vya ukubwa tofauti, kwa hiyo ni halali.

Jambo lingine kuhusu namba 1: ulisema ilijaa. Karatasi ikishafunikwa na miili, wanaofuata hutembea juu ya wenzao na kuondoka. 54 kwa hiyo ni kiwango cha chini. Pengine wangekuwa mia. Mahali penye wengi hivyo, usiache mtego siku tatu. Tega usiku mmoja, hesabu, tupa, weka mpya, na mwishoni jumlisha siku zote tatu. Kwa mitego mingine siku tatu ni sawa. Cha muhimu ni kwamba kila unapolinganisha, umegawanya kwa idadi ya siku halisi, la sivyo mtego uliokaa siku nne utaonekana mbaya kuliko uliokaa mbili bila sababu.

Na namba 5, ile sifuri ya stoo. Siiamini. Kwenye picha karatasi ni nyeupe, imevaa vumbi la unga. Gusa kwa kidole: kama haivuti ngozi, haikamati mende. Sifuri ni habari njema pale tu gundi bado inanata na mtego umekaa mahali mende hupita. Unga, mvuke wa maji, mafuta ya kukaangia na vumbi la ufagio vyote vinaua gundi. Stoo yako tega upya: kunja karatasi iwe kama paa dogo, gundi ndani, uiweke kwenye pembe ambako rafu inagusa ukuta, juu ya sakafu kidogo, na mbali na mahali unapochota unga. Mpaka hapo, kwenye daftari usiandike sifuri. Andika "haijapimwa".

Sifuri za ukumbini nazo nilizitilia shaka mwanzoni, kwa sababu hapo watu wengi huweka mtego katikati ya sakafu. Mende hatembei uwanjani. Hupenda kuugusa ukuta kwa ubavu wakati anatembea, na hufuata pembe, mabomba na ukingo wa kabati. Mtego ulioachwa hata upana wa viganja viwili kutoka ukutani unakosa wengi. Lakini picha zako zinaonyesha karatasi za 7 na 8 zimeegemea ukuta, pembeni, na gundi inang'aa. Kwa hiyo sifuri na moja ni za kweli. Yule mmoja wa namba 8 ni mkubwa, yuko upande wa kaunta. Amevuka kutoka kule.

Sasa utegaji wa duru ya pili, ambayo ningependa uifanye kabla fundi hajarudi, kwa sababu dawa za kupuliza walizozoea, zile za jamii ya saipamethrini na deltamethrini, huwafukuza mende kutoka nyufani. Ukitega kesho yake utakamata waliokimbia: mitego ya ukumbini itaonekana imejaa, na ya friji imepungua, ukadhani mende wamehamia kwa wateja. Wamehama kweli, ila kwa siku chache.

Andika kwa kalamu nyuma ya kila karatasi namba na tarehe. Tega baada ya jiko kufungwa na kusafishwa, maana sufuria lenye mabaki ya wali linashindana na mtego. Tumia karatasi za aina moja na ukubwa mmoja. Kama pakiti lako lina vidonge vya harufu vya kuvutia, weka kwenye zote au usiweke kwenye yoyote. Wengi wananunua gundi ya panya ya tyubu na kuipaka kwenye kadibodi. Inafaa, ila kata kadibodi zote kipimo kimoja na paka safu nyembamba iliyoenea sawa, vinginevyo unapima ukarimu wa mkono wako. Na zikunjwe kama paa, hasa mahali penye mijusi wengi. Mjusi akinaswa, mwagia mafuta ya kupikia kidogo, subiri, atajitoa bila kuchanika ngozi.

Kwa sehemu yenye maji ambapo gundi haidumu, kama kando ya karo, kuna mtego wa zamani unaofanya kazi vizuri: chupa ya jemu. Ndani weka kipande cha mkate kilicholowa bia kidogo. Paka vaselini pande zote za ndani karibu na mdomo, upana wa vidole vitatu. Nje zungushia karatasi ili mende apate pa kupandia. Anaingia, hawezi kutoka. Kuhesabu ni rahisi, na chupa unaiosha na kuitumia tena. Usichanganye tu hesabu yake na ya karatasi za gundi kwenye jumla moja. Linganisha chupa kwa chupa.

Dawa sasa. Mahali kama jiko la chakula, mimi nisingeendelea na kupuliza. Chambo cha jeli kinachouzwa kwenye bomba dogo kama la sindano, chenye fiproni au imidaklopridi kwa mfano, ndicho kinachofaa hapa. Hakikisha kimesajiliwa na mamlaka ya viuatilifu, TPHPA kwa Tanzania, na lebo inasomeka. Mende anakula, anarudi kufia mafichoni, na wenzake, hasa vitoto, wanakula kinyesi na mzoga wake wenye dawa. Hiyo ndiyo njia ya kuwafikia wasiotoka.

Ramani yako ya mitego inakuambia matone yaende wapi na kwa wingi gani. Weka matone madogo, upana wa milimita tano hivi, mengi na ya karibukaribu, badala ya mabonge makubwa machache. Bonge linakauka juu na kuachwa. Kwenye friji: ndani ya sehemu ya mota mbali na nyaya, kwenye bawaba za mlango, chini ya mpira wa mlango. Kwenye jiko: chini ya bati, kwenye mikutano ya meza na ukuta. Kwenye kaunta: kona za ndani za droo, chini ya ubao, mahali ambapo kitako cha blenda kinakaa, lakini si juu ya kitu kinachogusa chakula wala chombo. Sinki, matone manne au matano. Rafu ya sahani, mawili kwenye kona za nyuma. Ukumbini, hakuna. Kiasi cha jumla kwa eneo kinafuata lebo, maana kila bidhaa ina nguvu yake.

Halafu mwambie fundi asipulize chochote juu ya matone hayo wala karibu nayo. Hili wanalikosea sana. Jeli iliyopuliziwa saipamethrini inanuka dawa, na mende hailambi. Umelipia dawa mbili zinazoharibiana.

Wiki mbili baada ya kuweka chambo, tega tena, sehemu zilezile, karatasi mpya za aina ileile, idadi ileile ya siku. Nakupa mfano wa kubuni ili uone namna ya kusoma. Tuseme friji imeshuka kutoka 54 hadi 6, jiko 30 hadi 9, sinki 21 hadi 4, rafu 3 hadi 1, ukumbi sifuri pande zote, na kaunta imepanda kutoka 12 hadi 14. Jumla 34. Toa 34 kwenye 121, unabaki na 87. Gawanya kwa 121, zidisha kwa mia: upungufu wa asilimia 72. Fundi atakuonyesha namba hiyo na kukudai pesa yake, na kwa wastani ana haki. Lakini kaunta haijapungua hata kidogo. Asilimia 72 imeficha mahali ambapo dawa haikufika kabisa. Ukiiacha hivyo, baada ya miezi miwili utakuwa umerudi ulipoanzia, kwa sababu yai la mende huyu katika joto la Morogoro hufikia kuwa mkubwa anayezaa kwa muda wa takriban siku hamsini hadi sitini, na kila kifuko kina mayai thelathini hadi arobaini. Katika hali hiyo rudia kaunta peke yake: vunja ubao wa mbele, tazama kwa tochi, tafuta vidoadoa vyeusi vya kinyesi na maganda, weka chambo humo ndani.

Kuna hali nyingine itakayokutia hofu bure. Baadhi ya majike yenye vifuko, kwa kuwa hula kidogo, hayatagusa chambo mpaka mayai yao yakaribie kuanguliwa, na ganda la kifuko hukinga mayai dhidi ya dawa nyingi. Mayai hayo yanaweza kuanguliwa hata wiki ya tatu au ya nne. Ukikuta katika kipimo cha mwezi mmoja vitoto vichache vya ukubwa mmoja, bila wakubwa, usibadilishe dawa. Hakikisha matone bado ni mabichi, ongeza palipokauka, pima tena baada ya wiki mbili. Kinachoashiria kushindwa ni vitoto vya saizi tofauti pamoja na wakubwa: hapo kuzaliana hakujakatika. Na kama jeli inabaki nzima, bila kuguswa, huku mtego wa palepale unaendelea kukamata, badili chapa yenye kiambato kingine na ladha nyingine. Kuna mende wanaorithi, kizazi baada ya kizazi, tabia ya kukataa sukari ya glukosi iliyomo kwenye baadhi ya vyambo. Watafiti walilithibitisha hilo kwa mende hawa wa Kijerumani, huko Marekani, miaka ya 1990.

Kuhusu lini uache: kwa mgahawa, sina namba moja ninayokubali kama "wachache wa kawaida". Kanuni ninayotumia ni kwamba mtego wowote wenye kitoto unapata chambo, hata kama ni kitoto kimoja. Mtego wenye mkubwa mmoja tu unasubiri kipimo kinachofuata, kwa sababu huyo anaweza kuwa aliingia na kreti la soda au boksi la mayai. Nimeona kreti zikileta mende kuliko mlango. Sehemu ikitoka sifuri mara tatu mfululizo na gundi ikiwa hai, punguza mitego yake, lakini acha mmoja nyuma ya friji na mmoja kaunta kila mwezi. Kipimo kikishaanza kupanda hapo, utakijua kabla mteja hajakiona mezani.

Namba 9 na 10, wale wakubwa, hawafuati lolote kati ya haya. Chambo cha nyuma ya friji hakiwagusi. Wanapanda kutoka kwenye chemba na bomba la maji machafu, na mitego inakuonyesha mlango walioingilia: wanne karoni, wawili chooni, hakuna hata mmoja jikoni. Funika karo kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo, ziba kwa saruji pale bomba la choo linapoingia ukutani, na kagua kama mfuniko wa chemba nyuma umepasuka. Ukimaliza, tega namba 10 tena siku tatu. Wakiendelea kuwa wanne, bado kuna tundu ambalo hujaliona, na mahali pa kwanza pa kulitafuta ni chini ya mfuniko wa chemba, usiku, kwa tochi.